Kopo la protini linaisha mapema? Pima skupu yako kwanza

Jana kuna dada kaniandikia inbox, "kaka, kopo langu limeandikwa skupu 30 lakini kila mara linaisha kabla, naibiwa?" Nikamuuliza anachotaje, akasema anajaza mpaka juu. Huibiwi dada, unajipunja mwenyewe!

Mimi sheki yangu ni poda, ndizi na maziwa, na kila kitu kinapita kwenye mizani ya jikoni. Kuna jamaa gym walinicheka sana, eti napima chakula kama dhahabu, na sijawasahau maana haohao ndo leo wananiuliza makro zangu, yaani protini, wanga na mafuta, nazipangaje.

Skupu inapima ujazo, lebo inahesabu uzito. Poda ikitikisika inashuka na kushikamana, kwahiyo skupu ileile inabeba nyingi zaidi, na ukiacha kilima juu ndo kabisa. Yangu lebo inasema skupu moja gramu 30, protini 24, kalori 120. Nilipoijaza kwa kilima mizani ikasoma 38! Hapo protini ni kama 30 na kalori 152, halafu kopo la gramu 900 linatoa skupu 23 na kitu badala ya 30. Dada, jibu lako hilo.

Ninavyofanya, jagi la blenda naliweka juu ya mizani, narudisha sifuri, namwaga poda hadi 30 hata kama skupu haijajaa. Sifuri tena, ndizi, ila imenye kwanza jamani, ganda linaweza kuwa theluthi nzima ya uzito na watu wanalihesabu kama chakula. Sifuri tena, maziwa gramu 258, ambayo ni kama mililita 250 kwasababu maziwa ni mazito kidogo kuliko maji.

Sasa jumlisha. Poda protini 24, wanga 3, mafuta 1.5. Ndizi gramu 120 bila ganda inakupa wanga 27 hivi, protini 1 tu, kalori kama 107. Maziwa yasiyotolewa mafuta ni protini 8, wanga 12, mafuta 8, kalori 160. Jumla protini 33, wanga 42, mafuta 10, kalori karibu 390. Kuhakikisha, zidisha protini na wanga kwa 4, mafuta kwa 9, ujumlishe. Ikitofautiana kidogo ni kwasababu lebo zinakata desimali, ikipishana kwa mia ujue umeruka kitu, na wengi wanaruka maziwa, wanaandika poda peke yake halafu wanalalamika mwili haubadiliki!! Andikeni maziwa jamani, yana kalori kuliko hiyo poda.

Na kama ushamwaga 38 usiirudishe koponi, soma safu ya gramu 100 kwenye lebo. Yangu ni protini 80, kwahiyo 38 mara 0.8, unapata 30.4, unaandika hiyo unakunywa.