Kifua kinabana ukipanda ngazi? Vidonge vya asidi vilinidanganya miezi 5

"Wadau, naendesha teksi. Nikibeba mizigo ya abiria ngazini kifua kinabana, nikisimama kidogo kinaachilia. Nimeambiwa ni asidi. Nitumie dawa gani ya tumbo, na je, kiti cha gari kinaweza kuchangia?"

Usinunue dawa yoyote ya tumbo. Mimi ni dereva wa teksi hapa Nakuru, na hayo uliyoandika niliyasema mwenyewe neno kwa neno.

Yangu yalianza asubuhi za baridi, nikipandisha masanduku ya abiria hadi orofa ya tatu kule Section 58. Nikifika katikati, kifua kinakuwa kama kimebebeshwa gunia la viazi. Hakikuchoma, kilibana, na uzito ukashuka mkono wa kushoto. Nikaenda duka la dawa. Aliyekuwa kaunta aliniuliza jana nilikula nini, nikasema nyama choma, basi akaniuzia vidonge vya asidi vya kutafuna. Hakuuliza maumivu yanakuja nikifanya nini. Miezi 5 alikuwa akinihudumia huyo, kila wiki pakiti, na mpaka leo nikipita mbele ya duka lile damu inanichemka.

Sasa sikiliza mahali nilipopotelea, maana ndipo unapoelekea. Vile vidonge vilionekana vinafanya kazi! Kifua kikibana naweka sanduku chini, naketi kwenye ngazi, natafuna kimoja, na baada ya dakika tatu au nne nimepoa. Nikaapa ni dawa. Hata nikawagawia wenzangu stendi. Nikishiba halafu nikapanda mlima, maumivu yanakuja mapema zaidi, nami nikaona huo ndio ushahidi kamili kwamba shida ni tumbo.

Siku moja nilimpeleka mama kliniki ya presha. Kutoka getini hadi mlangoni kuna mwinuko, na nilikuwa nimebeba mfuko wake. Nikaegemea ukuta, nikatoa kidonge. Nesi akaniona dirishani, akaniita ndani kabla hata ya kumhudumia mama.

"Baba, hicho kidonge ukikitafuna huwa unaendelea kutembea, au unasimama?"

"Nasimama, sista."

"Umewahi kusimama tu bila kutafuna?"

Sikuwa na jibu. Akauliza kama usiku nikilala kifua huniwaka, kama huja nikiwa nimeketi kwenye usukani. Hapana, ni mwinuko, ngazi na baridi tu. Akaniambia: "Basi kinachokuponya si kidonge, ni kule kusimama. Hii inafanana na anjaina."

Akanieleza kwamba moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mafuta yakijijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba. Ukiwa umetulia, damu kidogo inayopita inatosha. Ukipanda, moyo unadai zaidi, haupati, unalia. Baridi na tumbo lililojaa huuongezea kazi. Hapo nilielewa kabisa, maana filta ya mafuta ikiziba gari hunguruma vizuri likiwa limesimama, likianza mlima linakata pumzi.

Presha yangu ilikuwa juu. Nilipimwa umeme wa moyo kwa nyaya za kifuani, nikiwa nimelala, kipimo kikatoka safi. Nikafurahi, nikataka kwenda zangu. Nesi akanizuia: mtu mwenye anjaina anaweza kuwa na kipimo safi akiwa amepumzika. Nilipotumwa hospitali kubwa na kutembezwa kwenye mashine inayoinuka, mistari ikabadilika na kifua kikabana papo hapo mbele ya daktari.

Sasa nakunywa asipirini ndogo, dawa ya kolesteroli na ya kutuliza mapigo, zote alizoandika daktari. Ninayo pia ya kuweka chini ya ulimi. Hiyo unaketi kwanza, kwa sababu inashusha presha na unaweza kuanguka. Na wanaume tuambiane wazi: haichanganywi kamwe na vidonge vya nguvu za kiume, presha inaweza kuporomoka ukafa.

Nesi aliniwekea mpaka mmoja ambao nimeushika. Maumivu yakija nikiwa nimeketi, au nikipumzika yasipoisha, au yakianza kuja kwa kazi ndogo kuliko zamani, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, na usukani anashika mtu mwingine. Nawe ukiona hivyo leo usiku, usingoje kuche.

Kama bado ni ngazini tu, kesho usiende stendi kwanza. Nenda kliniki, na usiseme "nina asidi", maana utapewa ya asidi. Sema hivi: "Kifua kinanibana nikipanda, nikisimama kinaachilia."