Mgonjwa mwenye plasta ya fentanili na chupa ya maji moto: maswali yenu

"Sista, plasta aliyopewa mama ni nyembamba kama karatasi ya peremende. Inawezaje kutoa dawa siku tatu? Na kwa nini siku ya kwanza alilia na maumivu usiku kucha?" (Umoja)

Katika plasta nyingi za sasa, fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, imechanganywa ndani ya gundi yenyewe. Gundi ina dawa tele, ngozi haina, kwa hiyo dawa husogea polepole kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Ili mwendo huo usilegee mapema, kiwandani hutia dawa nyingi kuliko ile mgonjwa atakayoitumia. Chukua plasta ya 25, yaani inayotoa mikrogramu 25 kwa saa. Kwa saa 72 mama atapata mikrogramu 1,800. Lakini aina moja inayotumika sana hutiwa kama 4,200. Ziada ile ndiyo inayoisukuma dawa, na siku ya tatu ukiibandua bado imo. Naomba uikumbuke hesabu hiyo, maana nitairudia chini.

Kuhusu usiku ule wa kwanza: dawa haiingii kwenye damu moja kwa moja. Kwanza inalowa ndani ya ngozi, inajikusanya pale, ndipo mishipa midogo ya damu inaichukua. Huchukua saa 12 hadi 24 kabla mgonjwa hajaona nafuu kamili. Ndiyo maana daktari humwachia mofini ya maji ya kunywa kwa siku ya kwanza. Usimwongezee plasta ya pili kwa huruma. Zote mbili zitakolea kwa pamoja kesho yake, wakati wewe umeshalala.

"Baba anatumia plasta ya 50 mgongoni. Baridi hii ya Julai inamtesa, nikaona nimwekee chupa ya maji moto. Jirani ananikataza. Nani mkweli?" (Kangemi)

Jirani yako. Mshukuru.

Joto linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Linairahisishia dawa kutoka kwenye gundi na kupenya ngozi, tena linatanua mishipa ya damu iliyo chini yake, kwa hiyo ile akiba iliyojikusanya ngozini inasombwa haraka. Plasta haina kifaa cha kuzuia. Imepimiwa ngozi ya joto la kawaida, basi.

Nitakueleza nililoliona. Mzee mmoja, naye wa plasta ya 50, alikuwa ametulia nayo kwa wiki kadhaa. Jioni moja ya baridi binti yake alifunga chupa ya maji moto kwa leso, akaiweka nyuma ya bega la kushoto, mahali penyewe ilipo plasta. Saa mbili usiku mzee akalala. Saa tano binti akanipigia simu, si kwa wasiwasi, bali kunishukuru: "Sista, leo baba amelala vizuri, hata anakoroma." Mzee huyo hakuwa mtu wa kukoroma. Nikamwambia aiache simu wazi, aangalie blanketi kifuani na ahesabu kila linapopanda, mpaka nimwambie basi. Kwa dakika nzima lilipanda mara sita. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.

Akaitupa chupa, akaibandua plasta, akamtikisa bega na kumwita kwa sauti kila baada ya muda mfupi, huku kijana wa jirani akitafuta gari. Hospitali wakamkuta na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo imeanza kuwa ya buluu. Walimsaidia kupumua na kumchoma naloksoni, dawa inayoiondoa fentanili kwenye nafasi yake ubongoni. Mzee akafumbua macho. Binti akataka kurudi naye nyumbani saa hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 hivi. Fentanili iliyobaki ngozini inaendelea kuingia kwenye damu hata plasta ikiwa imetolewa, na kiasi kilichomo kwenye damu huchukua kama saa 17 au zaidi kupungua kwa nusu. Kabla ya saa kuisha mzee alikuwa ameanza kusinzia tena. Walimwongezea naloksoni kwa dripu na kumweka hadi jioni ya kesho yake.

Baba yako mvalishe fulana mbili na soksi, mwongezee blanketi. Chupa ya moto, mkeka wa umeme na jiko la makaa karibu na mgongo, hapana.

"Na homa je? Au kuoga maji moto?" (Pipeline)

Homa ni joto linalotoka ndani, na mwendo ni ule ule. Makadirio ya watengenezaji ni kwamba mwili ukifika nyuzi 40, fentanili kwenye damu inaweza kupanda kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo homa ikipanda, mpigie anayemtibu siku hiyo hiyo na umchunguze jinsi anavyosinzia. Kuoga aoge, kwa maji ya uvuguvugu. Kuota jua kali la mchana plasta ikiwa wazi, asifanye.

"Kaka yangu ana saratani, maumivu yanamrudi kabla siku ya tatu. Rafiki yake amemwambia akiitafuna ile iliyotolewa itamtuliza upesi. Ni kweli?" (Kayole)

Itamuua. Tafadhali mwonyeshe jibu hili leo.

Rudi kwenye ile hesabu ya 4,200. Kwenye ngozi ya mgongo, dawa hiyo inatoka 25 kwa saa, maana ngozi ni ngumu na kavu. Ndani ya shavu utando ni mwembamba, umelowa mate, na damu ipo papo hapo chini yake. Meno yanaipasua gundi, na dawa iliyokuwa itoke kwa siku nzima inaingia kwa dakika. Hata ile iliyotumika siku tatu inaweza kubaki na zaidi ya nusu. Fentanili ina nguvu kama mara 100 ya mofini, na pumzi inaweza kukata kabla mtu hajaomba msaada. Kuzoea dawa hakumkingi.

Ukimkuta nayo mdomoni, itoe kwa kidole kama bado yuko macho, usimtapishe, mkimbize hospitali hata kama anakwambia yuko sawa. Maumivu yanayorudi siku ya tatu yana dawa: anayemtibu anaweza kupandisha kipimo au kumpa mofini ya maji ya kujazia. Ampigie.

"Plasta zilizotumika natupa kwenye pipa la jikoni. Nina mjukuu wa miaka miwili." (Lang'ata)

Mama, acha leo. Watoto wameshakufa nchi za nje kwa kuokota plasta iliyotumika na kuitia mdomoni au kujibandika kama stika. Mwili wa mtoto haujawahi kuonja dawa hii, na mabaki yanamtosha kuzima pumzi.

Ukiibandua, ikunje hapo hapo gundi kwa gundi na uibane kwa vidole mpaka ishikane. Isilale mezani hata dakika moja. Tia kwenye mkebe wenye kifuniko kigumu, uweke juu kabatini, urudishe kliniki siku ya kuchukua mpya. Kama huwezi kurudisha, itumbukize chooni na kumwaga maji mara tu unapoikunja. Na kila asubuhi ipapase ile iliyo mwilini mwa mgonjwa: ikibanduka usiku, huenda iko kwenye shuka anakolala mtoto.