Usifute kloroplasti kabla hujaona zimeangukia wapi

Ukiingia kwenye kazi ya kuchunguza bakteria wanaoishi ndani ya majani, atakayekusumbua kwanza ni mmea wenyewe. Mimi nilianza na mahindi. Tulisaga majani, tukatoa DNA, tukafanya PCR kwa praima 515F na 806R zinazonasa kipande cha 16S, jeni ya RNA ndogo ya ribosomu ya bakteria, kisha sampuli zikapelekwa kusomwa. Majibu yaliporudi, sehemu kubwa ya mifuatano ilikuwa ya mahindi. Kwa siku mbili niliamini nimechafua sampuli, mpaka dada mmoja aliyenitangulia maabara alipolitazama jedwali langu. "Hujachafua kitu, mdogo wangu," akaniambia. "Hebu soma zimewekwa ukoo gani."

Nikasoma. Mistari miwili ilijirudia, kwa mpangilio wa hifadhi ya SILVA:

```
d__Bacteria; p__Cyanobacteria; c__Cyanobacteriia; o__Chloroplast
d__Bacteria; p__Proteobacteria; c__Alphaproteobacteria; o__Rickettsiales; f__Mitochondria
```

Nawe utaiona mistari hii wiki yako ya kwanza, na utapewa amri ya kuiondoa. Kabla hujaiondoa, itazame vizuri. Darasani tulikariri kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria waliomezwa na seli nyingine wakabaki humo, na ushahidi tukaupata kama orodha ya mambo manne matano ya kujibia mtihani. Hapa ushahidi wenyewe umekaa mbele yako, umetoka kwenye jani ulilolichuma kwa mkono.

Ili uone uzito wake, uliza kwanza maelezo mengine yangetabiri nini. Wapo wanasayansi waliodhani viungo hivi viliundwa ndani ya seli yenyewe: utando ukakunjamana, kipande cha DNA kikachomoka kwenye kiini na kufungiwa humo. Maelezo hayo hayakuwa ya kijinga. Utando wa mara mbili, ambao wanafunzi huutaja wa kwanza, unaweza kutokana na kukunjamana vilevile. Ndiyo maana mimi siuweki mbele. Lakini kama DNA ya kloroplasti ingechomoka kwenye kiini cha mahindi, jeni zake zingefanana zaidi na za kiini hichohicho kuliko za kiumbe kingine chochote.

Sasa chukua seli moja ya jani la mahindi. Ndani yake mna ribosomu za aina tatu, na kila aina ina RNA yake ndogo: moja huandikwa na jeni za kiini, ya pili ni ya kloroplasti, ya tatu ya mitokondria. Zote hufanya kazi ileile kwenye ribosomu, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha herufi kwa herufi. Ile ya kiini huangukia kwa mimea mingine, karibu na wanyama na kuvu. Ya kloroplasti huangukia katikati ya sianobakteria, wale wanaofanya usanisinuru kwenye mabwawa na baharini. Ya mitokondria huenda kwa alfaproteobakteria. Seli moja, koo tatu. Kwa dhana ya DNA iliyochomoka kwenye kiini, matokeo haya hayana njia ya kutokea.

Hoja hii ilijengwa kabla ya mashine tunazotumia leo. Mwaka 1975, huko Halifax nchini Kanada, Linda Bonen na Ford Doolittle walichukua RNA ya ribosomu kutoka kloroplasti za mwani mwekundu, Porphyridium, wakaikata kwa kimeng'enya na kulinganisha vipande vifupi vilivyopatikana. Vilifanana na vya bakteria, wala si vya sitoplazimu ya mwani uleule. Miaka miwili baadaye, wakiwa na Michael Gray, walifanya hivyo kwa mitokondria za kiinitete cha ngano, na jibu likaelekea kwa bakteria tena. Mahindi yenyewe yalifika 1980, jeni ya 16S ya kloroplasti yake iliposomwa yote: herufi 1,491, karibu robo tatu zikilingana na za Escherichia coli, bakteria wa utumboni.

Hapo ndipo praima zako zinapopata maana. Zilitengenezwa kushika sehemu za jeni ambazo bakteria karibu wote wamezihifadhi, na kloroplasti nayo imezihifadhi. Wingi wake pia si ajabu: seli ya jani ina kloroplasti nyingi, kila moja ina nakala nyingi za DNA yake, na kila nakala ya mahindi hubeba jeni hiyo mara mbili. Bakteria wachache waliomo ndani ya jani hawawezi kushindana na wingi huo.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua NC_001666, DNA nzima ya kloroplasti ya mahindi, utoe jeni ya 16S na kuitafutia ndugu kwa BLAST. Nilipojaribu mara ya kwanza sikuona sianobakteria hata mmoja. Ukurasa ulijaa mpunga, ngano, mtama na miwa, kwa sababu kloroplasti za mimea ni ndugu wa karibu mno na hushika nafasi zote za juu. Weka kikomo cha utafutaji kwenye Bacteria (taxid:2). Hata hapo, usihesabu rekodi zilizoandikwa "uncultured bacterium": baadhi ni kloroplasti zilizookotwa kwenye udongo au maji na kusajiliwa kimakosa kuwa bakteria. Tafuta majina ya sianobakteria waliooteshwa maabara na kutambuliwa.

Upande wa mitokondria nenda polepole. Kwamba zilitokana na bakteria wa upande wa alfaproteobakteria, ushahidi ni mzito. Kwamba ndugu zao wa karibu ni Rickettsiales, kama mstari wa SILVA unavyoonyesha, bado wataalamu wanabishana. Jeni za mitokondria hubadilika haraka na mara nyingi zimejaa A na T, na za Rickettsiales zina tabia hiyohiyo. Mifuatano miwili iliyokimbia mbali kwa namna moja inaweza kuwekwa pamoja kwenye mti wa ukoo bila kuwa ndugu wa karibu. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba mitokondria ni Rickettsiales kwa kuwa tu programu imeandika hivyo.

Jambo jingine: mfanano wa jeni unakuambia ukoo, haukuambii bakteria yule aliingiaje. Nimesoma ripoti za wanafunzi zinazosimulia kumezwa kwake kana kwamba kumeonekana kwenye data. Data ya 16S haina habari hiyo.

Ukisharidhika, ondoa mistari ile kwa QIIME 2:

```
qiime taxa filter-table \
  --i-table table.qza \
  --i-taxonomy taxonomy.qza \
  --p-exclude mitochondria,chloroplast \
  --o-filtered-table table-safi.qza
```

Ila kama mimea imekula karibu usomaji wote, kuchuja hakutakurudishia bakteria ambao hawakusomwa. Rudi kwenye benchi utumie praima 799F pamoja na 1492R. Ya kwanza ilichaguliwa mahali ambapo herufi za kloroplasti zimetofautiana na za bakteria wengi, hivyo kloroplasti haishikwi vizuri. Mitokondria ya mmea bado inashikwa, lakini jeni yake ina kipande cha ziada katikati, kwa hiyo kwenye jeli utaona mistari miwili: wa bakteria karibu na jozi za besi 735, na wa mitokondria juu yake, karibu na 1,090. Kata ule wa chini kwa kisu safi, na hakikisha hujagusa wa juu.