Mchoro wa mkazo: chuma kinaponyumbuka, kinapolegea na kinapokatika

Noti zetu zinataja kikomo cha unyumbufu na nukta ya kulegea, lakini kwenye grafu naona kona moja tu. Si kitu kimoja? (Mwanafunzi, Kasarani)

Ni viwili, ila kwenye chuma laini vimekaribiana mno hata jicho haliwezi kuvitenganisha. Kikomo cha unyumbufu ni mkazo wa juu kabisa ambao ukiuondoa, kipande kinarudia urefu wake wa mwanzo. Nukta ya kulegea ni pale chuma kinapoanza kurefuka ingawa hujaongeza nguvu.

Sababu imo ndani ya chuma chenyewe. Atomi za kaboni huzing'ang'ania kasoro zilizo kama mistari katika mpangilio wa atomi za chuma, zikazuia zisiteleze. Mkazo ukifika kiasi cha MPa 250, kasoro hizo huchomoka, na zikishachomoka hazihitaji nguvu kubwa kama ile ya kuzing'oa. Ndiyo maana mchoro hupanda, hushuka kidogo, kisha hwenda tambarare. Kwa hesabu mimi hutumia thamani ya hapo tambarare. Kile kilele cha juu hakiaminiki, kwa kuwa hubadilika kulingana na kasi ya kuvuta na jinsi kipande kilivyonyooka mashineni.

Nilivuta kipande cha chuma laini, kipenyo milimita 10, urefu wa kupimia milimita 50. Kililegea kwa kN 19.6 mashine ikiwa imesogea milimita 0.7. Moduli ya Young imetoka GPa 18, na kitabu kinasema 200. Chuma ni kibovu? (Mwanafunzi, Ngara)

Chuma chako hakina neno. Eneo lake ni milimita mraba 78.5, kwa hiyo mkazo wa kulegea ni 19,600 ÷ 78.5, karibu MPa 250. Hapo uko sawa, maana hesabu hiyo inahitaji nguvu na eneo tu.

Kosa liko kwenye urefu. Kwa moduli ya GPa 200, urefukaji ni 250 ÷ 200,000, yaani 0.00125. Kwenye milimita 50, hiyo ni milimita 0.06 tu, kama unene wa unywele. Zilizobaki katika zile 0.7 si za chuma chako: ni meno ya mashine yakijizamisha kwenye kipande, kipande kikiteleza kidogo, na fremu yenyewe ikijinyoosha. Ukigawanya 0.7 kwa 50 unapata 0.014, na 250 ÷ 0.014 ndiyo hiyo GPa 18 yako. Rudia kwa ekstensomita, kifaa cha kupima urefukaji, iliyobanwa juu ya kipande chenyewe. Na ukipima mwinamo wa mchoro, ambao ndio moduli, ruka ile sehemu iliyopinda mwanzoni mwa mchoro, kwani hapo vibano bado vinajikaza.

Nondo iliyokunjwa nikiinyoosha, inabaki na nguvu zake? (Fundi, Kariobangi)

Nguvu haipungui, lakini uwezo wa kurefuka unapungua. Chuma kilichopita nukta ya kulegea, ukikiachia, hushuka kwa mstari sambamba na ule kilioanza nao. Tuchukue kipande hicho cha mwanafunzi wa Ngara, tukivute kwa milimita 5 hadi mkazo wa MPa 380. Ukikiachia kitarudi milimita 0.095 pekee, zile 4.9 zimebaki humo daima. Ukikivuta tena hakilegei mpaka kikaribie MPa 380, kwa hiyo kinaonekana kigumu zaidi, ila sehemu ya urefukaji iliyokuwa akiba kabla ya kukatika imeshatumika. Kwenye kona kali ndiko inakotumika zaidi, upande wa nje, na nyufa hupenda kuanzia kwenye mashina ya mbavu za nondo. Ukiona ufa hapo, hata mwembamba, usiinyooshe. Kata kipande hicho ukiondoe.

Mbona mkazo unashuka kabla chuma hakijakatika? Kimedhoofika? (Mwanafunzi, Kasarani)

Hapana, kinazidi kuwa kigumu hadi mwisho. Mchoro wa kawaida hugawanya nguvu kwa eneo la mwanzo, ilhali baada ya kilele kipande hujibana mahali pamoja na kufanya shingo. Tuseme kilele kilikuwa kN 33, sawa na MPa 420, kisha kipande kikakatika kwa kN 25. Mchoro utakuonyesha MPa 318. Lakini ukipima shingo ukakuta kipenyo ni milimita 6.4, eneo lake ni milimita mraba 32, na mkazo wa wastani hapo ni karibu MPa 780.

Kabla ya kuandika asilimia ya urefukaji, tazama kilikatikia wapi. Chuma laini hukatika kwa umbo la kikombe upande mmoja na koni upande wa pili. Kama kimekatikia nje ya alama zako za kupimia, shingo haimo katika urefu uliopima, na asilimia hiyo itatoka ndogo kuliko ilivyo. Vuta kipande kingine.