Kataa mapema, mwanangu

"Mama, kile kiwanda cha samaki cha Mwanza wamenitumia barua ya ajira ya uhasibu, wanataka jibu hadi Ijumaa. Siendi, maana nimebakiza mitihani ya CPA ya Novemba na masomo ya jioni nasomea hapa Dar. Ila natamani sana kufanya nao kazi baadaye. Niwakatalie vipi?"

Mwanangu,

Wapigie kesho asubuhi, usiingoje Ijumaa. Miaka yote niliyokuwa kwenye ofisi ya utumishi, sikumwona mwajiri akimkasirikia mtu kwa sababu tu amekataa kazi. Walioudhi ni wale waliokaa kimya mpaka siku ya mwisho. Baada ya usaili, majina hupangwa kwa alama. Wewe umeshika nafasi ya kwanza; wa pili hajaambiwa kitu, amewekwa akiba mpaka wewe usaini. Ukichelewa, huyo anapata kazi kwingine, kiwanda kinarudi kutangaza nafasi upya, na meneja anafunga hesabu za mwezi akiwa na upungufu wa mtu. Ukikataa mapema, wanampigia mwenzako na kazi inaendelea. Hilo hawalisahau.

Simu mpigie yule meneja wa fedha aliyekusaili. Inawezekana kabisa ndiye aliyekupigania kwenye kikao, na hata akihamia kampuni nyingine, jina lako analo. Kabla hujapiga, jiulize akisema "basi anza Januari" utamjibu nini, kwa sababu udhuru wako ni wa muda na swali hilo lazima lije. Kama Januari ungekwenda kwa moyo mmoja, usikatae kwanza, omba wakusogezee tarehe ya kuripoti. Kama hata Januari huendi, mwambie palepale, kwa upole lakini bila "labda" na bila "ngoja nifikirie." Ukimpa "labda," atakushikia nafasi, na utakapokataa mara ya pili ndipo atakapoumia.

Wala usisingizie mshahara kwa kuwa ni rahisi kusema. Wakikuongezea laki mbili, utasema nini tena? Sababu unayo moja, ni ya kweli, inatosha. Ukianza kuongeza nyingine (mbali na nyumbani, nyumba za kupanga, usafiri), wataona unawahesabia kasoro zao.

Siku hiyohiyo tuma barua pepe kwa afisa utumishi, nakala kwa meneja. Iwe fupi hivi:

"Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya uhasibu na kwa muda mlioutumia kunisaili. Baada ya kutafakari, nasikitika kwamba sitaweza kuipokea. Ninakamilisha mitihani ya CPA mwezi Novemba na masomo yangu yako Dar es Salaam. Nilivutiwa na namna idara yenu inavyofuatilia gharama kuanzia samaki anapopokelewa hadi anaposafirishwa. Nikishamaliza mitihani, nitafurahi kufikiriwa kwa nafasi za uhasibu wa gharama au ukaguzi wa ndani zitakapotokea."

Angalia sentensi mbili za mwisho. Wengi huandika "naomba tuendelee kuwasiliana" na basi, maneno ambayo afisa utumishi anayasoma kila wiki. Wewe umetaja kitu ulichokiona kwao, ukataja aina ya kazi na lini utakuwa huru. Hapo wana cha kuandika kwenye faili lako. Kama kilichokuvutia ni kingine, andika hicho, kwa sababu meneja atajua kama uliona kweli au unamsifia tu. Na usiwaombe wakuwekee nafasi.

Najua kuna rafiki atakayekushauri usaini, uripoti, kisha uache baada ya wiki mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu notisi ya siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Lakini sheria haitamrudisha yule mtu wa pili ambaye ameshapata kazi kwingine, wala hawatakuita tena. Na kama barua hiyo umeshaisaini, niambie usiku huu kabla hujapiga simu, maana hapo umeshaingia mkataba na itabidi tukisome kwanza kipengele cha notisi pamoja.

Matokeo ya mitihani ya Bodi ya Wahasibu yakitoka na ukafaulu, mwandikie yule meneja ujumbe wa mistari miwili: nimemaliza, nashukuru kwa kunielewa wakati ule. Usiombe kazi ndani yake. Kama wana nafasi, atakuambia mwenyewe. Kama hawana, atakuwa amejua kwamba sasa uko huru.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama ile ada ya mitihani umeshailipa.

Mama yako