Sifuri si msamaha: karatasi ya VAT ya bekari moja ya Umoja

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandalia wafanyabiashara wa Eastlands, Nairobi, ripoti zao za VAT, na swali linalonijia zaidi si la iTax, tovuti ya KRA ya kuwasilishia ripoti hizo. Ni hili: "Kama mkate hautozwi kodi na nyumba ya kupanga haitozwi kodi, si zote ni kitu kimoja?" Mnunuzi kwa kweli haoni tofauti. Wewe muuzaji ndiwe utakayeiona, na utaionea upande wa manunuzi.

Mkate wa kawaida uko kwenye kiwango cha sifuri. Kwa sheria ya VAT ni bidhaa inayotozwa kodi, ila kodi yenyewe ni asilimia 0, kwa hiyo VAT uliyolipa ukiutengeneza unaidai. Pango la nyumba ya makazi limesamehewa VAT. Halimo katika mfumo kabisa, na VAT ya rangi na mabomba ya nyumba hizo inabaki kuwa gharama yako.

Tuchukue bekari iliyo chini ya ghorofa pale Umoja, mwenye jengo akiwa ndiye mwoka mikate. Kwa mwezi anauza keki za sh. 600,000 kabla ya VAT na mikate ya sh. 900,000, kisha anakusanya pango la vyumba sh. 500,000. VAT ya mauzo inatoka kwenye keki tu: asilimia 16, yaani sh. 96,000.

Kwenye Excel, karatasi ya Mauzo naiwekea safu moja ya herufi: K kwa kinachotozwa asilimia 16, S kwa sifuri, M kwa msamaha. Karatasi ya Manunuzi ndiyo watu huikosea, kwa sababu huandika humo aina ya kodi ya bidhaa waliyonunua. Hiyo ankara itakuonyesha yenyewe. Unachohitaji kuandika ni kitu hicho kilienda kufanya kazi gani: B kwa bekari, N kwa nyumba, P kwa vyote viwili pamoja. Andika siku ile ile ankara inapoingia. Mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka fundi wa umeme alikuja kurekebisha tanuri au taa za ngazi.

Mwezi huo VAT ya B ilikuwa sh. 64,000 (vifungashio, umeme wa tanuri, viungo), ya N sh. 16,000, na ya P sh. 8,000 kwa mlinzi wa kampuni na mhasibu. B inadaiwa yote, N haidaiwi hata senti. P inagawanywa kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa, sifuri ikiwemo, juu ya mauzo yote. Kwenye karatasi ya Hesabu, B2 ni uwiano, B3 ni VAT ya P, na B4 ni sehemu inayodaiwa:

```
B2: =(SUMIFS(Mauzo!D:D,Mauzo!F:F,"K")+SUMIFS(Mauzo!D:D,Mauzo!F:F,"S"))/SUM(Mauzo!D:D)
B3: =SUMIFS(Manunuzi!E:E,Manunuzi!F:F,"P")
B4: =IF(B2>0.9,B3,IF(B2<0.1,0,B3*B2))
```

Safu ya D ni thamani bila VAT, E ni VAT, F ni herufi. Ile IF si pambo: uwiano ukipita asilimia 90 unadai P yote, ukiwa chini ya 10 hudai chochote. Hapa uwiano ni 1,500,000 kwa 2,000,000, asilimia 75, kwa hiyo P inatoa sh. 6,000. Anayopaswa kulipa ni 96,000 toa 64,000 toa 6,000: sh. 26,000.

Sasa mpe mkate herufi ya M. Uwiano unashuka hadi asilimia 30, P inatoa sh. 2,400 tu. Tena, kama sh. 38,400 za ile VAT ya B zilikuwa za mikate, nazo zinapotea. Bili inakuwa sh. 68,000, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia umelipa zaidi. Ukikosea kwa upande wa pili, ukazipa nyumba herufi ya S na kudai kila kitu, unalipa sh. 8,000 na kubaki na deni la sh. 18,000 linalosubiri ukaguzi, pamoja na riba yake.

Dalili ya kosa naitafuta kwenye B2. Bekari hii ikitoka asilimia 75 mwezi mmoja hadi 40 unaofuata ilhali oda hazijapungua, kuna safu ya herufi iliyoguswa. Mara nyingi ni seli tupu, au S yenye nafasi nyuma yake ambayo SUMIFS haiitambui. Kwa hiyo kwenye karatasi ya Hesabu naweka mstari unaojumlisha K, S na M za Mauzo na kuulinganisha na jumla ya safu ya D ya Mauzo. Tofauti isipokuwa sifuri, sigusi iTax.

Ankara za manunuzi zilinganishe na zilizomo kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Iliyokosa PIN yako ya KRA iache nje mwezi huo, umsumbue muuzaji airekebishe. Una miezi 6 baada ya mwisho wa mwezi wa ununuzi kuidai, kwa hiyo naiwekea karatasi yake ya kando yenye tarehe ya mwisho, nikiipanga ile inayokaribia kuisha juu kabisa.