Fainali ikishapotea, anza na karatasi ya hatua

Ninyi mnaoingia mashindano ya sataranji shuleni, wapo kati yenu watakaopoteza mchezo ambao sare ingewatosha. Katika klabu ninayoifundisha, binti wa kidato cha pili alifika fainali akihitaji sare tu atwae kombe. Akashindwa, na alipotoka ukumbini jibu alikuwa nalo: "Mwalimu, niliharibu mapema, pale nilipoliwa askari bure."

Sikubishana naye, nilimwomba karatasi yake ya hatua. Iliishia njiani. Sheria za FIDE zinamruhusu mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika 5 kuacha kuandika, ikiwa saa haimwongezei walau sekunde 30 kila hatua, na mara nyingi dakika hizo ndizo zinazoamua mchezo. Basi akamfuata mpinzani wake, wakazipanga upya hatua za mwisho wangali wanazikumbuka. Kando ya kila hatua iliyomsumbua akaandika alichokuwa akiwaza. Kompyuta nilimwambia aiache kwanza: ingemwonyesha hatua bora, lakini haijui yeye alikuwa akiogopa nini.

Tukaanzia mwisho tukirudi nyuma, kila hatua tukiuliza: hapa bado ni sare? Tukafika pale ngome zilipokwisha kulana. Mweupe ana mfalme e4 na askari e3. Binti, mweusi, amebaki na mfalme peke yake e7, na zamu ni yake. Alikwenda d6. Kando ameandika: "Nimzuie asipite d5."

Hatua ya kuokoa ilikuwa e6. Wafalme wangetazamana, e5 ikiwa tupu katikati yao, na zamu ingekuwa ya mweupe. Mweupe akienda d4, mweusi anamfuata d6. Akienda f4, anamfuata f6. Hapati njia ya kupita. Lakini mweusi alipokwenda d6, mfalme mweupe alipenya f5, akatangulia mbele ya askari wake na kumsafishia njia hadi akageuka malkia. Kwa hiyo yule askari wa mapema hakuwa chanzo cha kushindwa. Hata baada ya kumpoteza, sare ilikuwepo mpaka hatua hiyo moja.

Ndipo tukafungua kompyuta, ikathibitisha. Wengi huishia hapo, na wiki inayofuata wanakosea vilevile. Mimi nilimtaka aucheze mkao huo na mwenzake, mara awe mweusi, mara awe mweupe. Kisha nikamrudisha askari mweupe e2, mfalme mweusi nikamweka e6, zamu ya mweupe, nikamuuliza kama bado ni sare. Akajibu haraka kuwa ni sare, kwa kuwa wafalme wanatazamana. Akacheza, akashindwa tena. Safari hii aliiona sababu mwenyewe: mweupe anamsogeza askari e3, zamu inamrudia mweusi, na mweusi ndiye anayelazimika kupisha.